Kuwaandikia wateja wa asali imeili moja kila mtu aone ni yake

"Nina wateja kama mia mbili Tabora na Kigoma, nikituma imeili moja kwa wote wanaona tangazo tu. Nifanyeje?"

Mkuu, tumia Mail Merge ya Word, inavuta orodha ya wateja toka Excel na kumwandikia kila mmoja imeili yake. Ila usivute jina zima, maana "Habari RAMADHANI J. KASIMU" inanuka mashine kabisa. Ongeza kolamu uiite Salamu, ujaze kwa mkono vile unavyomwita mtu ukikutana naye sokoni: Mzee Ramadhani, Mama Zuhura, Dada Neema. Usipomjua vizuri andika Ndugu mteja, usiache wazi, itatoka "Habari ," na koma inaning'inia. Kolamu ya pili iwe Mzigo, yaani alichonunua mwisho, "ndoo ya lita 20", basi sentensi inakuwa "Ile ndoo ya lita 20 imeisha?" na hiyo ndo inayomgusa, jina peke yake halitoshi.

Hatari kubwa ni kusoti kolamu moja tu, majina yanahama imeili zinabaki, Mama Zuhura anapata ya Mzee Ramadhani. Kwenye Word bonyeza Preview Results, linganisha watu wa mwanzo, katikati na mwisho na oda zao, alafu tuma kwanza kwa imeili zako mwenyewe.