Mkupuo wa kustaafu: anuiti ya maisha au niweke mwenyewe nile kidogo kidogo?

Swali: "Wakuu, nimebakiza miezi 5 nistaafu, nitakuwa na miaka 65. Wakala wa bima anataka mkupuo wangu milioni 100 niuweke wote kwenye anuiti, nilipwe laki 7 na nusu kila mwezi mpaka nife. Mi naona bora niweke benki kwa riba ya 6% nitoe mwenyewe, nikifa watoto warithi. Na nikifa mwaka ujao si pesa zangu zimeliwa?"

Mkuu, hilo swali mi nililibeba miaka 6 iliyopita na kabla yangu alilibeba mzee wangu, nianze na yeye maana yeye alifanya hivyo unavyotaka kufanya wewe. Alistaafu na 60, akasema baba yake alifariki na 72 kwa hiyo yeye akijitahidi sana atafika 75, akagawa pesa zake kwa miaka 15. Alikuwa na nidhamu ya ajabu, daftari lake la matumizi tunalo mpaka leo, hakuna hela aliyoichezea. Pesa ziliisha akiwa na 76 na yeye akaishi mpaka 88. Miaka 12 anaomba hela ya dawa kwa watoto wake, na kila akiomba anaanza kwa kuomba radhi, iliniuma sana. Kosa lake halikuwa kwenye matumizi, lilikuwa kwenye kukadiria siku ya kufa, na hilo hakuna mtu anayeweza kulipatia.

Sasa tuje kwenye namba zako. Milioni 100 kwa 6%, unatoa milioni 9 kwa mwaka (ndo hiyo laki 7 na nusu kwa mwezi). Mwaka wa kwanza riba inaleta milioni 6, umetoa 9, imebaki 97, unaona mbona inashuka taratibu tu. Shida ni kwamba kila mtaji ukipungua na riba inapungua, kwa hiyo baada ya miaka 10 una kama milioni 60, baada ya 15 una 30, baada ya 18 una 7 na ushee. Una miaka 83 hapo, na mwaka wa 19 haufiki mwisho. Na hapo nimechukulia riba imekaa 6% miaka yote, kitu ambacho benki haikuahidi.

Utasema basi natoa kidogo ili zifike mbali. Sawa, ukitaka zifike miaka 95 inabidi utoe kama laki 6 na elfu 5 kwa mwezi badala ya laki 7 na nusu. Yaani unajinyima miaka 30 kwa ajili ya uzee ambao labda hutaufikia, na ukiufikia ukatimiza 96 bado huna kitu. Ukisema nile riba tu mtaji nisiguse, ni laki 5.

Hapo ndo mi nilijiuliza hiyo kampuni inatoa wapi laki 7 na nusu na inalipa mpaka mwisho, wakati na wao wanawekeza kwenye hati fungani zenye riba kama hiyo hiyo. Jibu nilielewa kwa mfano huu. Chukua wazee 100 wa miaka 80, kila mmoja ana milioni 1 kwenye kapu, kapu lina milioni 100. Mwaka mmoja kwa 6% inakuwa 106. Tuseme ndani ya mwaka huo 6 wamefariki, zile 106 zinabaki za watu 94, kila mmoja ana hesabu ya milioni 1 na laki 1 na elfu 28 hivi. Ni karibu 13%, na hakuna aliyewekeza kwa ujanja wowote, ile ziada imetoka kwa waliotangulia. Na kadri umri unavyopanda ndo hiyo ziada inavyokua. Peke yako nyumbani huwezi kuipata hata uwe mwekezaji hodari vipi.

Kwa hiyo ile hofu yako ya kufa mwaka ujao ni ya kweli, usikubali wakala akuzungushe, kwenye anuiti tupu ya mtu mmoja ukifa mapema pesa zako ndo zinamlipa mwenzako anayefika 95. Ila hatari hiyo hiyo akiibeba mtu mmoja inamvunja. Ufaransa mwaka 1965 kuna mwanasheria wa miaka 47 alikubaliana na bibi wa miaka 90, Jeanne Calment, amlipe faranga 2,500 kila mwezi na bibi akifa achukue nyumba yake. Mwanasheria alifariki 1995 bado analipa, familia yake ikaendelea, bibi alifariki 1997 akiwa na miaka 122. Kampuni yenye maelfu ya wateja inaweza kumlipa mtu kama huyo kwa sababu wengine wengi hawafiki huko.

Mi nilipokosea ni hapa, na ndo ninachokuomba ukiangalie kabla hujasaini. Karatasi ya kwanza niliyopewa ilikuwa na kiwango kizuri kama hicho chako na nilishashika kalamu, mke wangu ndo akauliza "mimi jina langu liko wapi humu?" Halikuwepo. Ilikuwa ya maisha ya mtu mmoja, ningekufa mimi malipo yanakoma siku hiyo na yeye ni mdogo kwangu kwa miaka 5. Tukaomba ya wawili, anayebaki anaendelea kulipwa kiwango kile kile, kwa mtaji ule ule ikashuka toka laki 7 na nusu mpaka laki 6 na elfu 30. Tukaongeza na uhakika wa miaka 10, kwamba hata tukifa wote mapema watoto wanapokea mpaka hiyo 10 iishe, hiyo ilipunguza kidogo sana maana kwa umri wetu wengi wanavuka hiyo miaka. Kwa hiyo mambo ya urithi yanawekeka, ila kila unachoongeza unakilipia kwenye malipo ya mwezi.

Kitu kingine ni mfumuko wa bei. Laki 7 na nusu isiyopanda, bei zikipanda 5% kwa mwaka, baada ya miaka 14 inanunua nusu ya inachonunua leo. Mi nilipewa chaguo la inayopanda 3% kila mwaka ikianzia laki 5 na elfu 70, inaipita ile ya kawaida mwaka wa 11, na ukijumlisha vyote ulivyopokea inabidi ufike mwaka wa 19 ndo zilingane. Sikuichukua, badala yake niliweka nusu tu ya mkupuo kwenye anuiti ya wawili, ikatosha chakula, bili na dawa, nusu nyingine nikaacha nje kwa ajili ya dharura na kupanda kwa bei. Ukishasaini na muda wa kughairi ukapita hurudishiwi mtaji hata uugue vipi, ndo maana milioni 100 yote mi nakukataza kabisa.

Kama una ugonjwa mkubwa (moyo, figo, kansa) waambie mapema, zipo kampuni zinalipa zaidi kwa mtu wa hivyo na kama hawana hiyo basi anuiti sio yako, maana bei zao wamezipanga kwa watu wenye afya wanaojua wataishi sana. Kesho mwambie huyo wakala akupe kwa maandishi, kwa milioni 50 na tarehe moja, ya mtu mmoja, ya wawili, na ya wawili yenye uhakika wa miaka 10, afu peleka ombi hilo hilo kwa kampuni nyingine mbili na uulize kampuni ikifilisika nani anaendelea kulipa. Ukipata zilete hapa tuzipitie wote, na mkeo awepo.