Magharibi na kibla ukiwa angani

"Nitakuwa ndani ya ndege jua likizama. Nitajuaje Magharibi imeingia, na kibla ni upande gani?"

Ndugu yangu, usifuate ratiba ya mji mnaopita juu yake. Kwenye kimo cha kilomita 11 upeo wa macho unashuka, kwa hiyo wewe bado unaliona jua wakati walio chini wameshaadhini dakika kumi na kitu zilizopita. Fungua pazia la dirisha: duara lote likishazama, wakati umeingia. Mkiruka kuelekea magharibi jua hukawia zaidi, basi subiri. Ukiwa upande usioliona, muulize mhudumu akutazamie.

Dira ya simu humo ndani huyumba kwa vyuma na umeme vilivyo karibu. Ukiizungusha simu na mshale ukarukaruka, iache. Tumia ramani ya safari kwenye skrini ya kiti. Tazama pua ya ndege, kisha itafute Makka. Tuseme ndege inakwenda kaskazini na Makka iko mashariki yenu: kibla ni mkono wako wa kulia ukiwa umekaa. Itazame tena kabla ya takbiri, maana rubani akikata kona, kulia kwako kunabadilika.