Foto ya pasipoti: pima kichwa kwanza, ndipo ukate

Hapa Lubumbashi, katika mtaa wa Kenya, wateja wengi hawaji studio kupigwa foto. Wanakuja na foto iliyo tayari kwenye simu na kusema: "Yaya, nikatie hii kwa pasipoti." Kazi hiyo nimeifanya kwa muda mrefu, na kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni kuanza na fremu. Mtu anachagua kipimo cha 35 kwa 45, anavuta kisanduku mpaka uso uonekane vizuri, halafu anakata. Foto inatoka na umbo sahihi, lakini kichwa ndani yake kina ukubwa usiokubaliwa, na ofisi ya viza inapima kichwa.

Kwa foto ya kipimo cha Ufaransa, ambayo wanafunzi wengi wanaiomba kwangu, karatasi ina upana wa milimeta 35 na urefu wa milimeta 45. Kutoka chini ya kidevu hadi juu ya fuvu lazima iwe kati ya milimeta 32 na 36, na nywele hazihesabiwi. Hilo la nywele ndilo linalowaangusha dada zetu wanaosuka.

Kuna binti mmoja aliyekuja na foto iliyorudishwa. Alikuwa amesuka rasta na kuzifunga juu kama kilemba. Aliyemkatia alipima kutoka kidevu hadi ncha ya nywele, akapata milimeta 34, akaridhika. Nilipoweka rula kwenye uso wenyewe, ulikuwa na milimeta 27 tu.

Fuvu lililofichwa na nywele utalijuaje? Kwa mtu mzima, mboni za macho ziko karibu katikati kabisa, kati ya kidevu na juu ya fuvu. Kwa hiyo pima kutoka kidevu hadi mstari wa mboni, kisha zidisha mara mbili. Ni makadirio, lakini yananitosha, mradi nilenge kichwa cha milimeta 33 au 34 na nisiende kwenye ukingo wa 32 wala wa 36. Mtu akiwa ameinamisha au ameinua uso, kipimo hiki kinadanganya, na foto yenyewe haitakubaliwa.

Nilimwomba binti yule afungue fundo na kurudisha rasta nyuma ya mabega, nikampiga foto mpya. Kama ningeikata foto ya zamani ili kichwa kiwe milimeta 33, fundo lile lingesimama karibu milimeta 9 juu ya fuvu. Ukijumlisha, katika 45 zinabaki milimeta 3 za kugawana kati ya nafasi ya juu na shingo. Hazitoshi.

Foto mpya ilikuwa na pikseli 3000 kwa 4000. Nilifungua GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha kwenye kompyuta, nikapitisha kishale juu ya uso na kusoma namba zinazoonekana chini ya dirisha. Kidevu kilikuwa kwenye 2180, mboni kwenye 1630. Tofauti ni 550, mara mbili ni 1100. Basi kichwa kina pikseli 1100, na juu ya fuvu ni 2180 kutoa 1100, yaani 1080.

Nilitaka kichwa hicho kiwe milimeta 33 ndani ya 45, hivyo urefu wa kipande ni hivi, na upana unafuata:

```
urefu = 1100 × 45 ÷ 33 = 1500
upana = 1500 × 35 ÷ 45 = 1167
```

Sasa kipande kikae wapi? Milimeta moja hapa ni pikseli 33 na kidogo. Niliacha milimeta 5 juu ya fuvu: 3 za nywele zilizobaki na 2 za nafasi tupu. Hizo ni pikseli 167, kwa hiyo ukingo wa juu ni 1080 kutoa 167, yaani 913. Chini ya kidevu zilibaki milimeta 7, zinazoonyesha shingo na mwanzo wa mabega. Kwa upande, katikati ya pua ilikuwa kwenye 1520. Nikatoa nusu ya upana, 583, nikapata ukingo wa kushoto 937. Namba hizo nne huandikwa kwenye chombo cha Crop: 937 na 913 kwenye Position, 1167 na 1500 kwenye Size. Sivuti kisanduku kwa mkono.

Kama kichwa kimelala upande, zungusha kwanza mpaka mboni mbili ziwe kwenye mstari mmoja, ndipo upime. Kuzungusha kunaacha pembe tupu. Ndiyo maana foto ya awali lazima iwe na nafasi kubwa kuzunguka kichwa. Foto ambayo nywele zinagusa ukingo wa juu, au simu iliyoshikwa karibu mpaka pua ikavimba, haiponi kwa kukata. Simama umbali wa meta moja na nusu au mbili, ukatae kishawishi cha kusogea, na ziada uiondoe baadaye.

Mazingira yasikutishe. Kichwa cha mtu mzima kina takriban sentimeta 22 kutoka kidevu hadi juu. Kikiwa milimeta 33 kwenye karatasi, upana wote wa foto unaonyesha kama sentimeta 23 tu za ulimwengu halisi pale alipo mtu, na nyuma yake kidogo zaidi. Kibao cha duka, mlango, ndoo, mtoto anayechungulia, vyote vinaondoka. Kitambaa cha upana wa meta moja kinatosha kabisa, mradi mtu asimame mbele yake nusu meta hivi ili kivuli kisianguke juu yake. Kwa Ufaransa kiwe cha kijivu chepesi au buluu nyepesi, nyeupe hairuhusiwi.

Wanaojaza bahati nasibu ya viza ya Marekani wasichukue kipande hichohicho. Kule foto ni mraba, pikseli 600 kwa 600 hadi 1200 kwa 1200, nyuma ni nyeupe, na kichwa kinapimwa pamoja na nywele: kati ya asilimia 50 na 69 ya urefu wa foto. Rudi kwenye foto ya awali ukate upya. Kuna wanaochukua kile cha 35 kwa 45 na kukivuta kiwe mraba. Utawatambua kwa kutazama jicho: duara la mboni limekuwa yai.

Baada ya kukata, kwenye Image, Print Size, andika milimeta 35 na 45. Pikseli hazibadiliki, unaiambia tu printa ukubwa. Kwenye karatasi ya sentimeta 10 kwa 15 zinaingia foto nane, nne kwa mstari. Hapo ndipo kazi nzuri huharibika, kwa sababu printa ikiwekwa ichapishe bila ukingo mweupe, hukuza picha kidogo ili ifunike karatasi yote, na foto inatoka na milimeta 36 kwa 46. Anayekata kwa mkasi kufuata 35 kwa 45 anapunguza ukingo, lakini kichwa kinabaki kikubwa kuliko ulivyopanga. Weka asilimia 100, acha ukingo mweupe, na foto ya kwanza ikitoka pima kidevu hadi fuvu kwa rula kabla ya kuchapisha karatasi ya pili.