Punguzo la jumla kwenye ankara yenye bidhaa za msamaha

"Ankara yangu ina bidhaa zenye VAT na zilizosamehewa, na mteja nimempa punguzo la 1,000 kwa jumla. Kodi naipigaje?"

Ndugu, usipige kodi kwenye jumla ya chini. Ligawe kwanza punguzo kwa kila mstari kulingana na thamani yake, ndipo upige kodi.

Tuseme bidhaa ya kodi ni 6,000, ya msamaha 4,000, na kiwango ni 20%. Mstari wa kwanza unabeba punguzo la 600, wa pili 400. Kodi ni 20% ya 5,400, yaani 1,080. Msamaha unabaki 3,600 bila kodi, na mteja analipa 10,080.

Wengi huliondoa punguzo lote kwenye mstari wa kodi. Hapo kodi inakuwa 1,000, pungufu kwa 80, na mkaguzi ataidai. Ukipiga 20% kwenye 9,000 yote utapata 1,800, maana yake umemtoza mteja kodi ya bidhaa iliyosamehewa.

Halafu, bidhaa ya kiwango cha 0% usiichanganye na ya msamaha, hata kama zote kodi yake inasomeka sifuri. Kwa ya msamaha, kwa kawaida huwezi kudai kodi uliyolipa kwenye manunuzi yake, kwa hiyo ipe alama yake kwenye ankara.