Nimeacha soda, nakunywa juisi tu, mbona kilo zinapanda?

"Wakuu, tangu Januari sijagusa soda. Kila jioni nakunywa juisi ya machungwa ya kukamuliwa, haina sukari ya kuongezwa. Chakula ni kile kile ila suruali zinabana. Nakosea wapi?"

Mkuu, hapo hapo kwenye juisi. Na mimi nilinaswa na mtego huo.

Nilikuwa nanunua chupa ya nusu lita kila saa kumi nikitoka kazini. Siku moja nikasimama kumwangalia muuzaji akikamua: machungwa sita yakaingia, makapi yakaenda kwenye ndoo. Nusu lita ya juisi hiyo ina takriban gramu 45 za sukari na kalori 225 hivi. Soda ya kawaida ya ujazo huo ina gramu 53 na kalori kama 210. Kwa hiyo nilikuwa nimehama kibanda tu, mzigo ni ule ule.

Lakini kilichonifungua macho ni sahani ya usiku. Nikinywa ile chupa saa kumi, saa mbili usiku nilikuwa namaliza ugali wangu wote kana kwamba sijatia kitu mdomoni. Nikaamua kwa wiki mbili nile machungwa mawili muda ule ule, yamemenywa, nikitafuna na nyama zake. Ugali ukaanza kubaki. La tatu lenyewe lilikuwa linanishinda, na hapo awali nilikuwa nanywa sita kwa dakika tano!

Tumbo huhisi shibe kwa kutafuna, kwa nyuzinyuzi na kwa kitu kinachokaa ndani muda mrefu. Maji matamu hupita haraka, halafu mwili haupunguzi kalori zake kwenye mlo unaofuata. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, waliwapa watu 15 kalori 450 kila siku: wiki nne kwa soda, wiki nne nyingine kwa pipi laini. Kwenye pipi walipunguza chakula kingine wenyewe bila kuambiwa. Kwenye soda hawakupunguza, na uzito ukapanda. Pipi, wala si mboga za majani!

Za pakiti nazo, angalia vizuri: sukari mara nyingi huandikwa kwa kila mililita 100, mtu akiona 11 anadhani ni kidogo, kumbe pakiti ni nusu lita. Zidisha kwa tano.

Mimi nilishuka kutoka kilo 91 hadi 87 kwa miezi minne, juisi ikiwa imetoka na ugali ukipungua wenyewe. Mke wangu hakukubali kuiacha juisi, anainywa kwa kikombe kidogo cha chai pamoja na chakula, basi. Ila kama nyumbani kuna mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, usiitupe yote: sukari ikimshuka ghafla, juisi inamwinua haraka kwa sababu hiyo hiyo ya kupita upesi.