Karatasi ya Mfano Ndiyo Itakayokuumbua: Kuandika Elimu ya Mpiga Kura Bila Kuegemea Chama

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Nimepewa kazi ya kuandaa mfululizo wa elimu ya mpiga kura. Sijataja chama chochote, lakini nimeambiwa naegemea upande mmoja. Shida iko wapi?" Nikamwomba anitumie alichoandika. Maneno yake yalikuwa safi. Kilichomponza ni mchoro: karatasi ya kura ya mfano yenye wagombea watatu, wa juu kabisa akiwa na alama ya chungwa, na tiki imewekwa papo hapo kwenye chungwa.

Anayeijua siasa ya Kenya haulizi zaidi. Katika kura ya maoni ya mwaka 2005, ndizi ilikuwa alama ya "Ndiyo" na chungwa alama ya "Hapana". Alama ziliwekwa ili hata asiyejua kusoma aweze kupiga kura. Chungwa likashinda, kisha likawa jina la chama na alama yake. Tangu siku hiyo tunda hilo si la sokoni tena ukiliweka kwenye karatasi ya kura, na tangu uchaguzi wa 2022 mambo ni yale yale kwa toroli, alama ya chama cha UDA.

Mimi mwenyewe niliandika mfululizo wa namna hii kuelekea uchaguzi wa Kenya, ukasomwa redioni na kuchapishwa kwenye vipeperushi. Najivunia jambo moja hadi leo, na nitalisema bila haya: siku za mwisho kabla ya kura, mawakala wa vyama viwili vinavyopingana walikuwa wanagawa kipeperushi kimoja, changu, kila mmoja kwa watu wake. Hakuna aliyewaomba. Nimewahi kuandika vitu vilivyosifiwa zaidi, lakini hakuna kilichonifurahisha kama hicho.

Sehemu ya kujiandikisha sitakaa nayo sana, kwa sababu haina vishawishi vingi. Unaeleza kwamba anayestahili ni raia aliyetimiza miaka 18, mwenye kitambulisho cha taifa au pasipoti ya Kenya. Unasisitiza kwamba hati aliyojiandikishia ndiyo atakayokwenda nayo siku ya kura, kwa maana aliyejiandikisha kwa pasipoti kisha akaja na kitambulisho atajikuta matatani mlangoni. Unamkumbusha akague jina lake kwenye daftari mapema. Ila usinakili maelezo ya nchi jirani hata kama lugha ni moja. Tanzania, kwa mfano, anayetarajia kutimiza miaka 18 ifikapo siku ya uchaguzi anaruhusiwa kujiandikisha, na hupewa kadi ya mpiga kura. Mkenya akisoma hayo atasubiri kadi isiyokuja.

Kazi yenyewe iko kwenye karatasi ya mfano, na hapo ndipo nilipotumia muda wangu mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Huwezi kumfundisha mtu kupiga kura bila kumwonyesha karatasi, na huwezi kumwonyesha karatasi bila kuweka wagombea wa kubuni. Kila unachompa mgombea wa kubuni kina mwenyewe. Ukimpa jina, jina lina kabila, dini na jinsia. Ukimwita "Mgombea A", umeshampa nafasi ya kwanza. Ukimpa mnyama, ua au chombo cha nyumbani, kuna chama mahali fulani kilichokisajili. Kabla ya kuchora chochote, chukua orodha ya alama za vyama vilivyosajiliwa na za wagombea huru, uisome yote, hata vyama ambavyo hujawahi kuvisikia. Inachosha, lakini ifanye.

Mimi niliishia kwenye maumbo. Nyota, mwezi na msalaba niliviweka kando mara moja kwa sababu za kidini. Nikabaki na manne, kwa mpangilio huu kutoka juu: duara, pembetatu, mraba, pembesita. Hakuna majina. Rangi ni nyeusi na nyeupe tu, kwa sababu kila chama kina rangi zake, na pia kwa sababu karatasi halisi za Kenya zina rangi tofauti kwa kila kiti kati ya viti sita. Badala ya rangi niliandika jina la kiti juu ya karatasi kwa herufi kubwa.

Kisha ikaja hesabu ya tiki. Nilihitaji michoro minane, minne ya kura zinazohesabiwa na minne ya kura zinazokataliwa. Hapa ndipo waandishi wengi huteleza. Humchagua mgombea mmoja akapata tiki nzuri kila mara, na mwingine akawa ndiye anayeharibiwa kila mara. Msomaji hajui kwa nini, ila akifika mchoro wa tano ameshazoea nani ni "sahihi".

Nilivigawa hivi. Kwenye kura zinazohesabiwa, mraba ulipata tiki iliyokaa ndani ya kisanduku. Duara lilipata tiki iliyotoka nje ya kisanduku lakini ikabaki kwenye mstari wake. Pembesita ilipata tiki mbili, zote kwake. Pembetatu ilipata alama ya mkasi badala ya tiki. Zote nne zinahesabiwa, kwa sababu kanuni za Kenya zinaangalia kama nia ya mpiga kura inaonekana wazi. Kura haitupwi kwa sababu tu alama imekaa vibaya au imerudiwa. Maelezo haya yaandike kwa uangalifu: kwanza mfundishe msomaji aweke alama moja ndani ya kisanduku kimoja, halafu ndipo umwambie kwamba aliyeteleza kidogo bado yuko salama. Ukigeuza mpangilio huo, utafundisha uzembe.

Kwenye kura zinazokataliwa, mchoro wa kwanza ulikuwa na tiki kwa duara na tiki kwa pembesita. Wa pili, tiki ilikaa juu ya mstari unaotenganisha pembetatu na mraba, hata huwezi kusema ni ya nani. Wa tatu, karatasi tupu. Wa nne, mpiga kura ameandika jina lake na kutia sahihi, na kwa huo nilichora sehemu ya chini ya karatasi peke yake ili mgombea yeyote asionekane. Hesabu ukimaliza: kila umbo limeshinda mara moja na kuharibikiwa mara moja. Hakuna anayeweza kuja kukuuliza kwa nini umempendelea fulani.

Baada ya hapo nilijaribu kipeperushi kwa watu. Usiwaulize rafiki zako kama kinapendeza. Tafuta watu unaojua wanaunga mkono vyama tofauti, mpe kila mmoja akiwa peke yake, kisha umuulize swali moja: "Aliyeandika hiki unadhani anapigia nani kura?" Majibu yakitawanyika, au kila mtu akidhani wewe ni wa kwao, uko sawa. Wote wakielekeza kidole upande mmoja, hata kama hawawezi kueleza sababu, kuna kitu kimejificha, na mara nyingi kiko kwenye mchoro. Mchoraji wangu alikuwa amechora mpiga kura akitoka kituoni huku amenyanyua kiganja chenye vidole vitano kama anayesalimia. Mzee mmoja alikitazama kidogo akasema, "Huyu ni wa Tano Tena." Hiyo ilikuwa kaulimbiu ya kampeni ya chama cha Jubilee mwaka 2017, na ishara yake kiganja hicho hicho. Tukabadilisha, mikono ikashika kitambulisho. Kwa Tanzania ningeogopa vilevile vidole viwili vya V, ishara ya Chadema.

Maneno nayo yapitie kwa jicho hilo hilo. "Inawezekana" ni neno la kila siku, lakini mwaka 2022 lilikuwa kaulimbiu ya muungano wa Azimio. "Mabadiliko" na "kazi tu" ukiyaandika Tanzania bado watu wanasikia majukwaa ya mwaka 2015. Andika "tiki", "karatasi", "sanduku", "karani". Maneno ya kituoni hayana mwenyewe.

Kuna jambo ambalo bado linaniuma. Sehemu moja ya mfululizo ilieleza kwamba ukiharibu karatasi kabla hujaitumbukiza sandukuni, unairudisha kwa msimamizi wa kituo, anaifuta, kisha anakupa nyingine. Ndivyo kanuni inavyosema, na ni haki ambayo wengi hawaijui: mtu anakosea tiki, anaona aibu, anatumbukiza hivyo hivyo. Asubuhi iliyofuata kiongozi wa chama kimoja alipiga simu kituo cha redio akidai nafundisha watu kupiga kura mara mbili. Sehemu hiyo ikaondolewa ratibani. Hakuna aliyenipigia mimi, wala hakuna aliyeirudia kanda kusikiliza kwamba karatasi ya kwanza hufutwa kabla ya ya pili kutolewa. Watu waliotegemea kusikia hayo hawakuyasikia, na si kwa sababu yalikuwa ya uongo.

Kwa hiyo ndugu mwandishi, nakuagiza: kila sehemu unayoandika, ambatanisha kifungu cha sheria au kanuni unachokitegemea, umkabidhi mhariri kabla haijatoka hewani. Si cha kusomwa kwa wasikilizaji, ni cha kuwekwa mezani simu ikilia. Na vyama vyote vitumie nakala siku ile ile, saa ile ile, ili asiwepo wa kusema ameshtukizwa. Tangu nianze kufanya hivyo, malalamiko bado yanakuja, lakini yanakuja kabla ya kipindi, wakati ambapo yanajibika kwa kifungu.

Mwisho ni jambo ambalo hata wenye uzoefu hulisahau: kuhimiza watu wajitokeze. Mara nyingi ni salama kusema "jitokezeni mpige kura". Lakini kuna wakati upande mmoja unasusia. Uchaguzi wa marudio wa urais wa tarehe 26 Oktoba 2017 ulisusiwa na upinzani, na katika hali kama hiyo "nenda kapige kura" ni sentensi ya kampeni, sawasawa na "kaa nyumbani". Kususia kukitangazwa, pitia mfululizo wako wote na uondoe amri. Badala ya "nenda kituoni na kitambulisho chako", andika "ukienda kituoni, utahitaji kitambulisho ulichojiandikishia". Maelezo yanabaki yale yale, na uamuzi wa kwenda au kutokwenda unabaki kwa msomaji. Fanya hivyo pia kwenye matangazo mafupi yaliyokwisha kurekodiwa, maana hayo ndiyo huchezwa mara nyingi zaidi na ndiyo watu husahau kuyasikiliza tena.