Maji Kiasi Gani kwa Siku? Mizani na Kiu Vilinijibu Kuliko Glasi Nane

Miaka minne iliyopita nilimaliza mbio ndefu za mazoezi, zilizochukua muda wa saa tatu na nusu katika asubuhi yenye ubaridi na mawingu, nikiwa nimekunywa lita nne za maji kwa makusudi. Mwalimu aliyekuwa akituongoza alituonya tusingoje kiu, kwa kuwa, kwa maneno yake, kiu huja wakati mwili umekwisha kukauka. Nilimtii kwa uaminifu, nikawa nameza maji hata pale koo lilipoyakataa. Nilipofika mwisho, kichwa kiliniuma, nilisikia kichefuchefu, na tumbo lilikuwa likichezacheza kama kibuyu kilichojazwa nusu. Nilijaribu kuvua pete ili ninawe mikono, ikagoma kutoka. Vidole vilikuwa vimevimba, na ngozi kandokando ya pete imekuwa nyekundu.

Mwenzangu mmoja aliniletea chupa nyingine ya maji, akidhani nimekaukiwa. Muuguzi aliyekuwa karibu alimzuia, akaniuliza nilikuwa na uzito gani alfajiri, kisha akanipandisha kwenye mizani. Niliondoka nyumbani nikiwa na kilo 68, na sasa mizani ilisoma kilo 69. Mtu aliyetoka jasho kwa muda wote ule hurudi akiwa mwepesi kuliko alivyoondoka. Mimi nilikuwa nimeongezeka kilo nzima, na kilo hiyo haikuwa kitu kingine ila maji. Damu yangu ilipopimwa, sodiamu ilikuwa 131, wakati kiwango cha kawaida ni kati ya 135 na 145.

Nimeeleza tukio hili kwanza kwa sababu watu wengi huogopa upande mmoja tu, yaani kupungukiwa maji, na hawajui kwamba kuna upande wa pili. Sodiamu ndiyo chumvi inayosaidia maji kukaa mahali pake, ndani na nje ya seli. Mtu anapokunywa maji haraka kuliko figo zinavyoweza kuyatoa, sodiamu ya damu huzimuliwa, maji huingia ndani ya seli, na seli huvimba. Kidole kikivimba hakuna hasara kubwa, lakini ubongo umo ndani ya fuvu lisilotanuka, na ndiyo maana dalili huanza kwa kichwa kuuma na kutapika, kisha kuchanganyikiwa, na katika hali mbaya degedege, kupoteza fahamu na hata kifo. Figo za mtu mzima mwenye afya, akiwa ametulia, huweza kutoa takriban lita moja kwa saa. Wakati wa mazoezi mazito uwezo huo hupungua sana, kwa sababu mwili huachilia homoni inayozuia mkojo. Mimi nilitibiwa kwa urahisi: nilikatazwa maji mpaka nikojoe, nikapewa supu yenye chumvi nyingi, na baada ya saa chache mkojo ulitoka kwa wingi na kichwa kikapoa.

Baadaye nilisoma kwamba sikuwa peke yangu. Katika mbio za marathoni za Boston za mwaka 2002, watafiti walipima damu za wakimbiaji 488 waliofika mwisho, wakakuta asilimia 13 kati yao sodiamu imeshuka hadi 135 au chini yake. Kilichohusiana zaidi na hali hiyo kilikuwa kuongezeka uzito njiani, jambo lile lile ambalo mizani ya muuguzi ilikuwa imeniambia mimi.

Kama ni hivyo, je, kiu ni kiashiria cha kuaminika? Kwa mtu mzima mwenye afya, katika siku ya kawaida, ni cha kuaminika kuliko nilivyofundishwa. Ndani ya ubongo, katika sehemu iitwayo hipothalamasi na jirani zake, kuna seli zinazopima ukolezi wa damu. Ukolezi ukipanda kidogo, hata kwa asilimia moja au mbili tu, seli hizo hufanya mambo mawili: huamuru figo zibane mkojo, na huamsha kiu. Figo huanza kubana mapema kidogo, kiu hufuata. Kwa hiyo ni kweli kwamba anayesikia kiu amekwisha kupoteza maji kiasi fulani, lakini kiasi hicho ni kidogo, na bado kiko mbali na kile kinachodhuru. Kiu ni ombi linaloletwa mapema, wakati ingali kuna nafasi ya kutosha ya kulijibu.

Inafaa kutofautisha kiu na ukavu wa kinywa. Anayekimbia akihema kwa mdomo hukaukwa na ulimi hata kama damu yake iko sawa. Mimi husukutua kwa maji kidogo na kuyatema. Hamu ikiisha kabisa na isirudi, ulikuwa ukavu wa kinywa tu. Ikirudi baada ya dakika chache, nakunywa.

Kuhusu kanuni ya kunywa glasi nane za maji kwa siku, wengi huihusisha na mwaka 1945, wakati Bodi ya Chakula na Lishe ya Marekani ilipoandika kwamba mtu mzima anahitaji takriban lita mbili na nusu za maji kwa siku, ikaongeza kwamba sehemu kubwa ya kiasi hicho tayari imo ndani ya chakula. Sentensi ya pili ilisahaulika njiani. Hata sasa, Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula inapotaja lita mbili kwa wanawake na mbili na nusu kwa wanaume, inahesabu maji yote, yakiwemo ya chai, maziwa, matunda na chakula kilichopikwa, na inamzungumzia mtu anayeishi katika joto la wastani na asiyefanya kazi za sulubu. Chakula peke yake mara nyingi huleta karibu sehemu moja ya tano. Anayekula vizuri na kukaa kivulini huenda akatosheka na lita moja na nusu ya vinywaji, na hana deni lolote la kulipa kabla ya kulala.

Kinachovuruga hesabu hiyo ni jasho. Pumzi na unyevu unaopotea kwenye ngozi bila kuonekana havibadiliki kwa ghafla, lakini jasho huweza kuruka kutoka karibu sifuri hadi lita mbili kwa saa kwa mtu yule yule. Hakuna jedwali linaloweza kukutajia kiasi chako, kwa hiyo nilijipima mwenyewe, na nashauri kila anayefanya mazoezi ya zaidi ya saa moja ajipime vivyo hivyo.

Nilikojoa kwanza, nikavua nguo, nikapanda mizani: kilo 68.2. Nilikimbia kwa saa moja kwa mwendo wangu wa kawaida, nikanywa mililita 400 zilizopimwa kwenye chupa, na sikukojoa njiani. Niliporudi nilijifuta jasho vizuri, hata kwenye nywele, nikavua tena nguo, kwa maana fulana iliyolowa hubeba jasho ambalo limekwisha kutoka mwilini, na ukipimwa nayo hesabu hupotoka. Mizani ilisoma kilo 67.6. Nilikuwa nimepungua gramu 600. Ukijumlisha mililita 400 nilizokunywa, jasho langu lilikuwa takriban lita moja kwa saa. Nilirudia kipimo siku ya baridi nikapata lita 0.6, kisha siku ya jua kali lenye unyevunyevu hewani nikapata lita 1.4. Mtu mmoja, mwendo mmoja, tofauti zaidi ya maradufu.

Tarakimu hizo hazina maana kwamba kila tone lazima lirudishwe papo hapo. Watu wengi huvumilia kupungua hadi kama asilimia mbili ya uzito, ambayo kwangu ni kilo 1.3 hivi, kabla nguvu hazijaanza kushuka waziwazi. Kwa mbio za saa mbili siku ya baridi, hupoteza lita 1.2 tu, kwa hiyo kiu pekee inanitosha, na nisipokunywa chochote sidhuriki. Kwa saa mbili katika jua lile, hupoteza lita 2.8, nikiruhusu upungufu wa 1.3, inabaki lita 1.5 ya kunywa njiani, yaani funda chache, karibu mililita 190, kila robo saa. Hapa ndipo kiu huweza kuchelewa, hasa mtu anaposhughulika na mwendo au mashindano, na hapa ndipo mpango unaposaidia. Mpaka wa upande wa pili mimi siuvuki tena: sirudi nyumbani nikiwa na uzito zaidi ya nilioondoka nao. Upungufu uliobaki naujaza polepole pamoja na chakula chenye chumvi, kwa sababu maji matupu yakimiminwa kwa pupa huishia kwenye mkojo.

Joto lina tabia nyingine inayowashangaza wengi. Anayehamia mahali penye joto, au anayeanza kazi ya juani, huzoea ndani ya wiki moja hadi mbili, lakini kuzoea huko hakumaanishi kwamba atahitaji maji machache. Mwili uliozoea huanza kutoa jasho mapema na kwa wingi zaidi, ingawa jasho lenyewe huwa na chumvi kidogo. Anayepunguza maji kwa kuwa sasa joto halimsumbui anafanya kinyume cha yale mwili wake unayodai.

Rangi ya mkojo husaidia kwa uangalizi wa siku nzima, si wa saa moja. Njano hafifu ni dalili njema, njano iliyokolea mchana inasema kunywa zaidi, na mkojo mweupe kabisa siku nzima unasema unajilazimisha. Vidonge vya vitamini B huupaka njano kali, hivyo siku za vidonge kipimo hicho hakifai.

Yote niliyosema juu ya kiu yana mpaka mmoja ambao naomba usomwe kwa makini, nao ni uzee. Kwa wazee kiu hufifia: damu hukolea na wao hawasikii chochote. Mama yangu ana miaka 76. Katika wiki moja ya joto kali nilimkuta kitini, mtulivu, akiniambia hana kiu hata kidogo, lakini alikuwa ameniuliza swali lile lile mara tatu, ulimi wake ulikuwa mkavu wenye mikunjo, na tangu asubuhi alikuwa amekojoa mara moja tu. Alipopewa maji kidogo kidogo mchana kutwa, jioni alirudi katika hali yake. Daktari wake, ambaye nilimwuliza kwanza kwa sababu mama hutumia dawa ya kuongeza mkojo, na kwa kuwa wenye ugonjwa wa moyo au wa figo huweza kuwekewa kikomo cha maji, alitupangia lita moja na nusu ya vinywaji kwa siku. Siku hizi kila asubuhi tunajaza jagi la ujazo huo na kuliweka mezani karibu na kiti chake. Anakunywa kikombe kimoja kila anapokula, kila anapomeza dawa na kila anapoamka usingizini, awe na kiu au asiwe nayo, nami nikipita saa kumi jioni naangalia jagi limebaki na kiasi gani.